Kitufe cha "Download" kimenisumbua wiki nzima, picha za baba nimezipata kwa njia nyingine

Hasira bado ninazo, na naziandika kama zilivyo. Kaka yangu alikaa miezi kadhaa akiskani picha za marehemu baba, akaziweka pamoja na video za zamani kwenye folda moja mtandaoni, kisha akanitumia kiungo. Faili 6,214, jumla GB 41. Alikuwa anakaribia kuifunga akaunti ile, kwa hiyo nilitakiwa kuishusha folda yote kwenye kompyuta yangu mapema.

Nikafanya kile ambacho ukurasa wenyewe ulinielekeza: nikafungua folda kwenye kivinjari, nikabofya "Download". Ikaniambia inaandaa zipu, yaani faili moja lenye folda yote ndani, halafu ikaanza kushuka. Usiku wa kwanza ilikufa kwenye GB 3. Nikasema sawa, mtandao huo. Usiku wa pili ikafika GB 19. Usiku wa tatu niliamka alfajiri nikakuta GB 33 na maandishi mekundu: "Failed - Network error". Chini yake kulikuwa na "Resume". Nikabofya huku roho ikinidunda, na namba zikaanza tena kutoka sifuri. GB 33 zimekwenda na bando langu, sina hata picha moja.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu likaja: "Ndugu mteja, tafadhali tumia mtandao imara." Nikaeleza kwamba mtandao wangu huwa unakatika sekunde chache tu na kurudi, na kwamba faili moja kubwa la video nilishalishusha peke yake bila shida, hata lilipokatika liliendelea pale lilipoishia. Yule mhudumu akanijibu tena neno kwa neno, "tafadhali tumia mtandao imara," akafunga mazungumzo. Hakuuliza folda ina ukubwa gani, hakutaja kwamba kuna njia nyingine. Hili limeniuma kuliko kitu chochote, kwa sababu njia ilikuwepo, tena ni ya kwao wenyewe.

Ndugu mmoja anayefanya kazi za seva ndiye aliyenifumbua macho. Zipu ile haipo mahali popote imehifadhiwa ikikusubiri. Seva inaifunga palepale, faili baada ya faili, huku ikikutumia. Ndiyo maana kivinjari hakikuwa kinanionyesha dakika zilizobaki: seva yenyewe haijui zipu itakuwa na ukubwa gani mpaka imalize kuifunga. Na ndiyo maana "Resume" haikufaa kitu. Faili la kawaida limekaa kwenye diski ya seva, unaweza kuliomba kuanzia katikati. Zipu inayofungwa njiani haina katikati ya kurudia. Ukikatika sekunde tano kwenye GB 33, umerudi mwanzo.

Nikamuuliza, je, zile GB 33 zilizobaki kwenye kompyuta siwezi kuokoa humo hata nusu? Nilikuwa nimejaribu kuzifungua, nikaambiwa "Windows cannot open the folder". Akanieleza kwamba orodha ya vilivyomo kwenye zipu huandikwa mwishoni kabisa mwa faili. Likikatika kabla ya mwisho, programu ya kufungulia inatafuta orodha haioni, inaliona faili zima kuwa bovu, ijapokuwa picha nyingi zimo ndani salama. Zipo programu za kukarabati zinazopekua bila orodha, lakini hutajua ni zipi zimekosekana.

Basi nikasakinisha programu yao ya kompyuta, ile ya kusawazisha folda za mtandaoni na za kwenye kompyuta. Folda ya mtu mwingine haijileti yenyewe: kwanza niliingia kwenye ukurasa nikaiongeza kwenye hifadhi yangu. Dakika chache baadaye folda ikaonekana kwenye kompyuta, na majina ya faili kwa maelfu, na picha ndogondogo. Nikashangilia. Nilikuwa tayari kuandika hapa kwamba hii programu ni ya kupewa nyota zote.

Nikazima intaneti ili nijaribu. Nikafungua video ya baba akilima. Haikufunguka!

Nikabofya folda kwa kitufe cha kulia, nikaingia "Properties". Mstari wa "Size" ulisema GB 41. Mstari wa chini yake, "Size on disk", ulisema MB 212. Yaani nilichokuwa nacho ni majina matupu, faili zenyewe bado ziko kwao, na kila moja inashuka pale tu unapoifungua. Kama kaka angefunga akaunti siku ile, ningebaki na orodha ya maganda. Nani kaamua kwamba mtu anayeona faili kwenye kompyuta yake asijulishwe kwa herufi kubwa kwamba hana faili hilo? Alama yenyewe ni kiwingu kidogo pembeni ya jina, unaweza kukaa mwaka usikione.

Dawa yake ni kubofya folda kwa kitufe cha kulia na kuchagua ibaki kwenye kompyuta hata bila mtandao. Hapo ndipo kazi ikaanza kweli. Na hapo, lazima nikiri, hasira zikapungua. Mtandao ulikatika sijui mara ngapi, na kila ukirudi programu iliendelea na faili zilizobaki. Zilizokwisha kushuka hazikuguswa. Kompyuta ilipolala kazi ilisimama, nikaizuia isilale, ikaendelea. Baada ya usiku mitatu ile mistari miwili ya "Properties" ikawa karibu sawa.

Nikanakili folda kwenye diski ya nje. Nasema nakili, kwa kusisitiza. Jaribio la kwanza nilikata na kubandika folda ndogo moja, na dakika hiyohiyo kaka akapiga simu: "Mdogo wangu, mbona unazifuta picha za baba?" Alikuwa amenipa ruhusa ya kuhariri, na programu hii husawazisha pande zote mbili: ukiondoa kwako, inaondoa na kwake. Alizirudisha kutoka kwenye kapu la takataka, lakini mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Kwa hiyo nyota ngapi? Jana ningesema moja. Kwa folda kubwa, zipu ya kwenye kivinjari sitaigusa tena, na programu nitaitumia, ila simwachii mtu aisakinishe bila kumwambia habari ya kiwingu na ya kukata na kubandika. Mhudumu yule simpi kitu.

Mwisho nilihesabu. Kwa kaka 6,214, kwangu 6,213. Programu ilikuwa na kialama chekundu ambacho nilikipuuza; nikakifungua, nikaona jina la faili moja lililogoma: "Nani huyu?.jpg". Windows haikubali alama ya kuuliza kwenye jina la faili. Kaka yeye anatumia Mac, ambayo haina neno, na aliipa picha hiyo jina hilo kwa sababu hakumtambua msichana aliyesimama na baba. Akaifuta alama ya kuuliza, na picha ikashuka papo hapo.

Nikampigia kaka. Ni shangazi, kabla hajaolewa.