Vitabu vinne vya Superman: uanze kununua kipi?

Ukimtafuta Superman kwenye duka la mtandaoni utaletewa mamia ya vitabu vya katuni, na majalada yote yanafanana: joho jekundu, ngumi mbele. Tofauti yake iko ndani, kwenye namna mwandishi alivyombana mhusika. Mtu asiyeumia, anayeruka na kuona kupitia ukuta, atamaliza tatizo lolote kufikia ukurasa wa pili. Basi nunua kwa kuangalia kile kinachomzuia.

Nafasi ya kwanza tunaipa The Man of Steel ya John Byrne, matoleo 6 ya mwaka 1986. Kufikia miaka ya sitini Superman alikuwa anasukuma sayari na kusafiri kwenye wakati, mpaka waandishi wakakosa adui wa kumtisha. Byrne alimpunguza akianzia kwenye asili yake. Mtoto wa sayari ya Kripton analelewa na kina Kent huko Kansas, na nguvu zinamjia kidogo kidogo kadiri mwili unavyofyonza mwanga wa jua. Kwa hiyo anakua kwanza kama Clark Kent, mtu wa kawaida. Superman anakuja baadaye. Siku anayookoa ndege mbele ya umati, watu wanamvamia, kila mmoja anamtaka kwa shida yake. Anakimbilia kwa wazazi wake, na vazi na miwani vinatokana na mazungumzo ya nyumbani kwao. Miwani hapo ina kazi moja: kumficha akiwa Clark, apate nafasi ya kuishi.

Toleo la pili la mfululizo wa Byrne uitwao Superman, la 1987, linaonyesha kwa nini siri hiyo inadumu. Kompyuta ya adui yake, Lex Luthor, inachambua taarifa zote na kutoa jibu sahihi kwamba Clark ndiye Superman. Luthor analikataa. Kwake yeye, mwenye nguvu kama hizo hawezi kujishusha akaigiza mtu wa kawaida. Kinachomponza ni kiburi, wala si miwani.

Angalia unachonunua, maana jina la The Man of Steel ni mtego. Lipo pia kwenye mfululizo wa kila mwezi ulioanza 1991, na filamu ya 2013 inakaribia kuitwa hivyo hivyo. Hakikisha jina la Byrne lipo, kisha soma mstari unaoanza na Collects, unaotaja matoleo yaliyomo. Ukiona The Man of Steel #1-6 peke yake, hicho ni kitabu chembamba na kisa cha kompyuta hakimo. Tafuta kinachoongeza Superman #1-4.

Cha pili ni All-Star Superman ya Grant Morrison na mchoraji Frank Quitely (2005–2008). Kwa ufundi kinakipita cha kwanza, ila kinafurahisha zaidi ukishamjua mhusika. Asili yake inamalizwa kwa picha nne na maneno manane ya Kiingereza. Hapa nguvu zimeongezwa, lakini jua lililomzidishia linaziua seli zake, na kinachompungukia sasa ni siku za kuishi. Mtazame Clark anavyochorwa: mabega yameinama, suti imemvaa, kila hatua anagonga kitu. Hadithi nzima ni matoleo 12, na zamani iliuzwa kwa juzuu mbili za matoleo 6. Kitabu cha mtumba cha bei poa mara nyingi huwa ni nusu.

Cha tatu, Kryptonite Nevermore, ni cha anayependa kuona ukarabati ukifanyika. Kriptonaiti, jiwe linalomdhoofisha Superman, lilianzia kwenye mchezo wa redio mwaka 1943, likaingia katuni 1949, kisha likatumiwa kupita kiasi. Kila mhuni alikuwa nalo mfukoni, la kijani, jekundu, hata la dhahabu. Mwaka 1971 Denny O'Neil akaligeuza lote lililokuwepo duniani kuwa chuma, na kiumbe cha mchanga kikamnyonya Superman sehemu ya nguvu zake. Mwishoni anakataa kurudishiwa. Kwa bahati mbaya waandishi waliofuata walimrudishia kimyakimya, kwa hiyo usitafute mwendelezo.

Cha mwisho ni nakala iliyochapishwa upya ya Action Comics #1 ya 1938, ya Jerry Siegel na Joe Shuster, alimotokea Superman kwa mara ya kwanza. Humo haruki angani bado. Anachupa kama mita 200, na kombora likilipuka linaweza kumpasua ngozi. Hakuhitaji jiwe la kumdhoofisha. Ni kifupi na kimechorwa haraka, kinunue baada ya hivyo vingine. Na ukiuziwa "ya asili" kwa bei ya kutupa, ipime: mwaka 1974 ilitolewa nakala kubwa ambayo, ikichanwa jalada la nje, inafanana kabisa na ile ya 1938. Urefu wake unazidi sentimita 30, na ya asili haifiki hapo.