Faiba ikikatika, ruta ihamie laini ya simu yenyewe: ununue ipi Nairobi

Wachimba mtaro walikata faiba ya mtaa wetu Umoja saa nne asubuhi, na saibani kwangu watu sita walikuwa wakisubiri eCitizen na iTax. Sikubabaika. Kasha la ruta yangu liliandikwa kwamba inahamia laini ya simu bila kuguswa, na laini ilikuwa ndani, bando limejaa. Dakika kumi zikapita, hakuna kilichohama. Wateja wakahama wao.

Sababu niliielewa nilipozitazama taa. Kisanduku cha faiba ukutani kilikuwa na taa nyekundu ya LOS, yaani mwanga haufiki. Ila taa ya WAN, yaani tundu ambalo intaneti huingilia, ilikuwa kijani kwenye ruta. Kisanduku kina stima, na kebo fupi kati yake na ruta ni nzima, kwa hiyo ruta iliona kila kitu kiko sawa. Ruta za aina hii huangalia waya tu. Zitahama ukichomoa kebo hiyo, jambo ambalo muuzaji atakuonyesha kwa furaha, lakini faiba hukatika huko barabarani.

Kwa hivyo ukienda Luthuli Avenue, beba ruta yoyote kuukuu. Iwashe pale kaunta bila intaneti, kisha toa kebo kwenye tundu lake la LAN uiingize kwenye tundu la WAN la ile unayotaka kununua, yenye laini ndani. Waya una uhai lakini intaneti hakuna, kama siku ya mtaro. Isipohamia laini ya simu ndani ya dakika mbili, irudishe kwenye rafu.

Ya kwanza kwangu ni TP-Link ER605, ukiwa tayari una kile kiruta cha 4G cha nyumbani. Ina matundu ya WAN zaidi ya moja: moja la faiba, lingine la kiruta cha 4G. Kwenye mipangilio washa Link Backup, kisha uiambie Online Detection ipime anwani iliyo nje ya mtandao wa kampuni yako ya faiba. Haina waifai, basi ile ruta yako ya zamani ibaki kazini kama kituo cha waifai tu. Hakuna amri za kuandika, na 4G ikiharibika unabadilisha kisanduku kimoja.

Ya pili ni MikroTik yenye tundu la laini, mfano hAP ax lite LTE6. Ni kifaa kimoja, hukaa vizuri kwenye kiosk, na ukiwa na fundi ninaiona bora kuliko ya kwanza. Kiini cha kazi ni mistari miwili inayopima 8.8.8.8, seva ya Google; penye 192.168.100.1 weka anwani ya kisanduku chako:

```
/ip route add dst-address=8.8.8.8 gateway=192.168.100.1 scope=10
/ip route add gateway=8.8.8.8 target-scope=11 check-gateway=ping distance=1
```

Mstari wa kwanza unalazimisha kipimo kipite kwenye faiba peke yake. Bila huo, ukishahamia simu kipimo kitajibiwa kupitia simu, ruta idhani faiba imepona, irudi, ikwame, ihame tena. Njia ya simu ipe `distance=2` ili isubiri nyuma ya faiba, na ile ya faiba iliyojiweka yenyewe uizime. Kipimo hutumwa kila sekunde 10 na kikikosa jibu mara mbili ruta inahama. Fundi wengi husahau jambo moja: 8.8.8.8 sasa imefungwa kwenye faiba, kwa hiyo kompyuta zisiitumie kama DNS, yaani seva ya kutafutia anwani za tovuti. Zipe 1.1.1.1, la sivyo laini itakuwa hewani na kurasa hazifunguki.

Ya tatu ni ruta za bei nafuu zenye tundu la laini na la WAN pamoja. Nyingine hupima intaneti, nyingine waya tu, kama yangu ya kwanza. Bila lile jaribio la kaunta, usitoe pesa.

Njia ya kuwasha hotspoti ya simu nimeiweka mwisho, kwa kuwa lazima mtu awepo, na akipigiwa simu akaondoka nayo, saiba inalala.

Laini yenyewe iwe ya kampuni nyingine. Faiba ya Safaricom, laini ya Airtel, au kinyume chake. Zima masasisho ya Windows na kamera za ulinzi zinazopakia video wakati intaneti inatoka kwenye laini ya simu. Bando langu la kwanza lilimalizwa na kamera kabla ya saa sita. Hata hivyo kuna siku haitasaidia: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, faiba na simu zote mbili zilizorota pamoja.