Kurusha video kwa Bluetooth nimekoma (Quick Share nayo nina neno nayo)

Naandika hii nikiwa bado nina hasira, maana karibu nipoteze sauti ya babu yangu kwa sababu ya asilimia saba. Saba tu.

Iko hivi. Babu alifariki hivi karibuni, huko kwetu milimani juu ya Lushoto, na tulienda kwa ajili ya arobaini. Kumbe kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alimrekodi babu kwenye harusi ya mdogo wetu akitoa nasaha, dakika kumi na moja nzima, babu kasimama na fimbo yake anataja ukoo mmoja mmoja tangu babu yake yeye. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Kaka hakuwahi kumtumia mtu yeyote kwa sababu video ina GB 1.4 na pale kijijini mtandao unaupata ukipanda mpaka kwenye mwamba wa shuleni, na hata ukiupata ni wa kutuma meseji tu. Na yeye alikuwa anaondoka kesho yake alfajiri. Nikamwambia kaka nirushie basi kwa Bluetooth, tuko wote hapa hapa, simu na simu, shida iko wapi.

Tukaanza saa tatu usiku. Simu mbili juu ya mkeka, zimekaa kama mapacha. Ikawa inapanda asilimia moja, unakaa unakaa, mbili. Nilipiga hesabu nikaona kila asilimia inakula zaidi ya dakika moja, yaani saa mbili kasoro kidogo kwa video yote. Nikasema sawa, tuko msibani hatulali mapema, acha iende. Watu wakapiga stori, chai ikapikwa, ikafika hamsini, sabini, tisini. Ilipofika 93 kaka akachukua simu yake amulikie njia ya chooni. Si alienda Arusha jamani, alienda chooni nyuma ya nyumba, ukuta mmoja na hatua kama kumi na tano hivi. Akarudi, kwangu imeandika imeshindikana. Nikafungua nilipopokelea, hakuna kitu, hata kile kipande cha 93 hakipo.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Bluetooth ya kwenye simu zetu hizi ikikatika katikati haiendelei pale ilipoishia, inaanza moja. Saa moja na dakika hamsini zimeenda bure. Na hakuna mahali inakuonya kabla kwamba bwana, faili hili ni kubwa, msisogee. Inakuachia tu ukae unaangalia namba zinapanda. Usiku ule nilisema sitaki kuisikia tena maishani.

Alfajiri nikamsindikiza kaka kwa bodaboda mpaka njiapanda anakopandia basi, nimeng'ang'ania tu sitaki aondoke na ile video. Mpwa wangu wa kidato cha pili naye alikuwa anashuka kwenda shule tukaenda wote. Pale njiapanda kuna kibanda cha kijana anauza vocha, anachaji simu na kuwekea watu nyimbo. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza, una waya au kompyuta utuhamishie video moja nitakulipa. Hakuinua hata uso. Akasema "Dada, mimi sifundishi watu simu. Nunueni bando mtumiane WhatsApp kama wenzenu." Nikamwambia mdogo wangu hii ni ya marehemu, na WhatsApp ukituma kama video ya kawaida inaibana inakuwa ukungu, na hapa mtandao wenyewe wa kubabaisha, GB nzima na zaidi itapanda lini na basi liko njiani. Akaniambia "Basi simu zenu ndiyo tatizo, mnanunua za bei rahisi halafu mnataka maajabu." Mbele ya mtoto. Kaka alitaka kumjibu nikamvuta. Mpaka leo nikiikumbuka ile sauti naona tumbo linanichemka, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya simu zetu wenyewe muda wote na yeye kazi yake ni simu, hakushindwa kulisema kwa sentensi moja.

Aliyelisema ni mpwa wangu. "Shangazi, mbona hamtumii Quick Share?" Nikamwambia si ndiyo hiyo hiyo Bluetooth. Akasema hapana. Na alivyonieleza ndivyo nilivyokuja kuielewa: hiyo Quick Share inatumia Bluetooth kwa ajili ya kutafutana tu, simu kuitana na kuitikiana, ila mzigo wenyewe inaupitisha kwa Wi-Fi, simu moja kwenda nyingine moja kwa moja, hakuna intaneti wala bando linaloguswa. Wi-Fi inabeba mzigo mara nyingi zaidi. Kwenye simu ya kaka haikuandikwa Quick Share, iliandikwa Nearby Share, kwa sababu lilikuwa jina lake la mwanzo mpaka 2024 lilipobadilishwa, na simu ya kaka huko anakokaa haijapata sasisho siku nyingi. Mimi ningepita pale mara mia nisijue ni kitu kimoja.

Basi tukakaa kwenye benchi. Kaka akafungua video, akabonyeza kushea, akachagua hiyo Nearby Share. Simu yake inazunguka inatafuta, yangu haionekani. Dakika ya kwanza, ya pili. Nikaanza kusikia ile hasira ya usiku inarudi. Mpwa akachukua simu yangu, akaingia kwenye mipangilio ya Quick Share, akanionyesha nani anaruhusiwa kuniona: ilikuwa imekaa kwenye Contacts. Hiyo maana yake ni watu waliohifadhiwa kwenye akaunti yako ya Google, na namba ya kaka mimi niliiweka kwenye laini, kwa hiyo kwa simu yangu kaka ni mtu baki. Akaweka Everyone. Akawasha na lokesheni kwenye simu ya kaka maana ilikuwa imezimwa na simu za zamani bila hiyo hazitafuti wenzake. Hapo hapo jina la simu yangu likatokea kwake, na simu zote mbili zikaonyesha namba nne zinazofanana, unalinganisha ujue ni yeye kweli na si mtu mwingine pale stendi, ndipo unakubali.

Ikaanza. Asilimia moja... na ikaganda pale pale. Sekunde sitini zimepita bado moja. Nikamwambia mpwa wangu, ni yale yale haya! Yeye akaangalia juu ya kioo changu akasema "Shangazi, hiyo hotspoti yako izime." Kweli, jana yake nilipofika pale penye mtandao niliwasha hotspoti watoto wapate bando nikasahau kuizima. Simu ikiwa inagawa hotspoti, hizi za kawaida hasa, Wi-Fi yake iko bize, haiwezi kufungua njia nyingine ya kwenda kwa simu ya kaka, kwa hiyo inarudi kimya kimya kwenye Bluetooth. Haikuambii. Dalili ni hiyo tu, mwendo. Kwa video kama ile ukiona asilimia moja inakula zaidi ya dakika, jua uko kwenye Bluetooth, sitisha usipoteze muda. Tukasitisha, nikazima hotspoti, nikawasha Wi-Fi na kuiacha hivyo hivyo bila kuunganishwa popote, na kaka naye hivyo hivyo. Tukaanza upya.

Jamani. Moja, mbili, tatu, nne, unahesabu kama unavyohesabu vidole. Kila sekunde tatu asilimia moja. Basi likatokea kwenye kona linapiga honi, kondakta anaita, kaka kashasimama begi mgongoni lakini simu kaishika pale pale juu ya benchi hataki kuisogeza, nami namwambia kondakta tunaomba dakika moja tu baba. Ilifika mia hata dakika tano na nusu hazijaisha. GB 1.4. Kitu kilichonilaza macho usiku kucha.

Sikumwachia aende hivi hivi. Niliingia Downloads, ndani yake kuna folda imeandikwa Quick Share, nikaangalia ukubwa unafanana na wa kwake, nikaisogeza video mpaka dakika ya kumi, babu huyo, anamalizia na dua. Ndipo nikamwambia kaka panda, na usiifute yako mpaka nikupigie.

Kwa hiyo siku ile ningeulizwa ningesema Quick Share nyota tano, Bluetooth wakaizike. Lakini jioni ile ile mpwa wangu amerudi kutoka shule anataka kunirushia picha za arobaini kutoka kwenye simu ya mama yake, haioni yangu! Simu yangu ni ile ile, Wi-Fi imewashwa, hotspoti imezimwa, hamna kitu, nusu saa nzima nazima nawasha. Kumbe ule mpangilio wa Everyone unakaa dakika 10 tu halafu unajirudisha wenyewe kwenye Contacts. Naelewa kwa nini, hutaki mtu wa stendi akutupie mapicha yake kila saa, ila ingeniambia basi! Iandike pale muda umeisha, washa tena. Mtu mzima unakaa unazunguka na simu uani kama unatafuta mtandao, kumbe umefungiwa mlango na simu yako mwenyewe. Kwa hilo naitoa nyota moja, na nikikumbuka ule ukimya wake wa kurudi Bluetooth naitoa na ya pili.

Na Bluetooth nayo, niliyoilaani, lazima niseme ukweli. Bibi ana kitochi. Hakina Wi-Fi, hakina Quick Share, kina betri ya wiki nzima na memori kadi ya nyimbo za kaswida. Nilikaa na ile video nikakata sauti peke yake, zile dakika tatu babu anamtaja yeye, namna walivyooana, ikawa faili la mp3 la MB 3 hivi. Kwa ukubwa huo Bluetooth haina tatizo lolote, tulilinganisha simu, bibi mwenyewe akabonyeza kukubali kwa kidole gumba, na haikufika hata nusu dakika.

Akaiweka sikioni kama anaongea na mtu. Ilipoisha akanirudishia akasema "Mjukuu wangu, nionyeshe pa kubonyeza ianze tena."