Uzoefu wangu wa mwaka mmoja na rejista ya vizima moto

Nasimamia jengo la ofisi la ghorofa nne karibu na Barabara ya Nkrumah, hapa Mombasa. Mitungi ya kuzimia moto tunayo 22. Kampuni inayotuhudumia ilitupa rejista yake, jedwali la Google Sheets lenye safu nne: aina ya mtungi, mahali ulipo, huduma ya mwisho na ukaguzi ujao.

Kwa tarehe sina lawama. Ukijaza huduma ya mwisho kwenye safu ya C, ya D hujaa yenyewe, miezi 12 mbele:

```
=EDATE(C2,12)
```

Ila tarehe iandikwe kwa tarakimu. Mlinzi wetu aliwahi kuandika "14 Machi" na jedwali likarudisha `#VALUE!`.

Kasoro niliigundua Agosti. Wapaka rangi walikuwa wameishusha mitungi ukutani, kisha wakairudisha kwa kukisia. Nilipopita ghorofa ya tatu nikakuta mtungi wa poda kavu mlangoni mwa chumba cha sava, mahali pa mtungi wa kaboni dioksidi. Poda huzima moto wa umeme, lakini vumbi lake hupenya ndani ya mashine na kuziharibu hata zile ambazo moto haukuzigusa. Wa kaboni dioksidi niliukuta kando ya jiko la chai. Rejista ilionyesha kila kitu sawa, kwa kuwa inaujua ukuta tu. Mtungi wenyewe haiujui.

Nilipomwita fundi aturekebishie, nilimwomba aupime ule mtungi wa kaboni dioksidi kwa mizani. Aina hii haina geji kama ya poda, kwa hivyo gesi ikivuja huwezi kuona kwa macho. Shingoni palichongwa uzito mtupu, kilo 9.6, pamoja na gesi kilo 5, ulipaswa kufika 14.6. Mizani ikasoma 13.9. Gramu 700 zilikuwa zimetoka, na fundi hujaza upya gesi ikipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, yaani gramu 500 kwa mtungi huu. Huduma yake ilikuwa Machi, hivyo kwenye rejista ulikuwa na miezi saba kabla ya mtu kuugusa tena!

Nimeongeza safu mbili: namba iliyochongwa kwenye mtungi, na uzito wa kila kipimo kwa ile ya kaboni dioksidi. Kila mwezi nazunguka na simu, nasoma namba kwanza, ndipo naangalia pini, lakiri, mpira na geji. Mitungi ya baraza inayoelekea bahari huiinua nikatazama kitako, maana kutu ya chumvi huanzia pale chini.

Jengo lenye mitungi ya poda pekee linaweza kuanza na rejista hii ilivyo, likiongeza safu ya namba. Penye chumba cha sava, mwambie fundi aje na mizani, na uzito uandikwe siku hiyo hiyo.