Slebu inayotema joto usiku: ununue nini kwanza, Mombasa

Ukikaa ghorofa ya juu kabisa, Tudor au Kisauni au Mikindani, chini ya slebu tupu, unaijua saa yenyewe. Jua limeshatua, upepo wa bahari unapita dirishani, feni iko namba tano, na bado chumba kinafuka. Nyumba ya jirani ya mabati, iliyokuwa tanuri saa nane mchana, sasa imepoa na watoto wamelala. Kwako ndiyo kwanza joto linaingia.

Nilipohamia chumba cha namna hiyo nilinunua kipimajoto kile cha kulenga kama bastola, nikawa naipima dari yangu. Siku moja ya Februari, slebu ya nchi sita, juu ya paa simiti ya kijivu isiyopakwa kitu: saa moja asubuhi nyuzi 30, saa sita mchana 33, saa kumi na moja jioni 41, saa mbili usiku 39, saa tano 36. Juu ya paa kilele kilikuwa 56, na kilifika kabla ya saa nane mchana. Yaani joto lilichukua kama saa tatu kushuka nchi sita za zege. Huo ndio muda wa kuchelewa.

Jambo la pili ni kupungua. Juu ya paa joto lilipanda kutoka 26 alfajiri hadi 56, tofauti ya nyuzi 30. Dari ya ndani ilipanda kutoka 30 hadi 41, tofauti ya 11. Gawanya 11 kwa 30: mawimbi ya joto yamefika ndani yakiwa na zaidi kidogo ya theluthi ya ukubwa wake. Kadiri namba hii inavyokuwa ndogo, ndivyo paa linavyolisawazisha joto. Ukisikia hayo utadhani zege nene ni dawa. Na ni dawa kweli, ila kwa mahali ambapo usiku unapoa. Nairobi mwezi wa Februari usiku hushuka hadi nyuzi 15 hivi, na slebu hupata hewa baridi ya kuitoa homa. Mombasa wakati wa kaskazi usiku haushuki sana chini ya 24 au 25. Zege linapunguza kilele na kukisogeza mbele, lakini wastani wa siku nzima haliupunguzi hata kidogo. Kinachosogezwa mbele kinaangukia wakati unatandika kitanda.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Slebu ya nchi sita juu ya chumba cha mita za mraba kumi ina uzito wa karibu tani tatu na nusu. Ikipoa kwa nyuzi nane tu, inaachia joto sawa na pasi ya wati 1,000 iliyoachwa inawaka karibu saa saba. Sehemu inapaa mbinguni, sehemu inakushukia. Feni inasukuma hewa, lakini dari yenye nyuzi 39 inakumulika moja kwa moja kama makaa, maana ni moto kuliko ngozi yako.

Basi kanuni ya kununua ni moja: zuia jua kabla halijaingia kwenye zege. Kinachokuja baada ya hapo ni kubishana na joto ambalo limeshaingia ndani.

Namba moja kwangu ni rangi nyeupe ya paa ya kuakisi jua. Simiti ya kijivu hunywa karibu asilimia 70 ya jua, lami nyeusi karibu 90, rangi nyeupe mpya ya paa kama 20 hadi 25. Mwenye nyumba wangu alikubali tupake, na wiki chache baadaye, siku ya jua kama lile, dari ilisoma 33 saa kumi na moja na 32 saa tatu usiku. Unene wa slebu haukubadilika, muda wa kuchelewa ni ule ule, ila hakuna tena kitu kikubwa cha kuchelewesha. Kwenye ndoo tafuta rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya paa, inayonyumbulika, na iliyoandikwa ni asilimia ngapi ya jua inarudisha. Rangi nyeupe ya ukutani itababuka. Kabla ya kupaka, mwaga ndoo chache za maji: panapotuama hadi kesho yake, rekebisha mteremko kwanza, kwa sababu maji yaliyosimama huinua rangi za maji kama ganda. Paka mikono miwili, wa pili ukikata wa kwanza, kabla masika hayajaanza. Kasoro yake ni uchafu. Vumbi na ukoga mweusi hula ule weupe, kwa hiyo kila mwaka panda na brashi na sabuni. Asiye na hela apake chokaa. Itaoshwa na mvua, lakini kwa msimu mmoja wa kaskazi inasaidia sana.

Namba mbili ni kivuli cha mabati juu ya slebu. Ni ghali zaidi, lakini unapata pia pa kuanika nguo na mvua haiipigi slebu. Siri iko kwenye pengo: acha angalau futi moja, pande zote wazi, upepo upite. Nimeona watu wanaziba pembeni wapate stoo, kisha wanalalamika joto limerudi. Kwa chumvi ya pwani chukua mabati yenye mchanganyiko wa alumini na zinki, na fundi ayafunge hasa, maana upepo wa kusi unaingia kwa chini.

Namba tatu, bodi za povu za nchi mbili juu ya slebu, zikafunikwa kwa simiti. Kama chumba kina eesii inayowaka kila siku, mimi ningeipandisha hii iwe namba moja pamoja na rangi. Hatari ni maji: povu jeupe la vipunje hunywa, likilowa linakuwa mzigo. Likiwekwa juu ya tabaka la kuzuia maji, lazima liwe lile gumu ambalo vijitundu vyake vimefungwa, lisilonywa maji.

Namba nne ni dari ya jipsam chini ya slebu, na karatasi ya alumini ikitazama pengo la hewa. Ni uchaguzi wa mpangaji ambaye hapewi ufunguo wa paa. Inakukinga na ule mmuliko, lakini slebu juu yake inabaki moto usiku kucha, na umepoteza urefu wa chumba.

Mkia kabisa ni ushauri niliopewa na fundi mmoja: "Ongeza simiti nchi mbili, joto halitapita." Litapita, ila kwa kuchelewa zaidi ya saa moja. Dari yangu ingefika kilele magharibi, na joto kubwa lingenikuta baada ya isha. Felti nyeusi ya lami nayo inazuia kuvuja vizuri, ila usiiache nyeusi. Ipake rangi nyeupe inayokubaliana na lami, la sivyo madoa ya kahawia yatapenya.

Kabla hujatoa hela, weka kiganja darini saa moja jioni, kisha kwenye ukuta wa magharibi. Ukuta ukiwa ndio moto zaidi, shida yako si paa, na rangi ya ndoo nzima huko juu haitakufaa. Nunua pazia la nje au panda mti.