Wameposti "mtaala mpya", dukani nikapewa Maarifa ya Jamii

Jamani kuna duka la vitabu hapa mjini Dodoma, jina naliacha, juzi kati shule zikiwa zinakaribia kufunguliwa waliposti picha ya rundo la vitabu vya TET vinang'aa, chini wameandika "Mzigo mpya umeingia!! Vitabu vyote vya mtaala mpya, awali mpaka sekondari, wahi kabla havijaisha". Basi. Darasa gani hamna, somo gani hamna, bei ati njoo inboksi, na inboksi yenyewe kimya. Nikapanda bajaji kutoka Nkuhungu na jua lile.

Duka si baya, nisiwe muongo. Hisabati nilipata, mpya kabisa, na madaftari yao ya kaunta bei iko poa, nilikuwa nawapa nyota tatu.

Sasa nikaomba vilivyobaki vya mwanangu anayeingia la nne, dada wa kaunta akanishushia Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili na Sayansi na Teknolojia. Hivyo ni vya zamani! Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 na awali, la kwanza na la tatu, wale wa la tatu mwaka uliofuata wakapanda la nne nao, kwa hiyo la nne sasa hivi wanasoma Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, na Sayansi basi, bila hiyo Teknolojia. Jina la somo tu linakwambia, hata kitabu hujakifungua. Nikafungua kurasa za mwanzo niangalie mwaka, stika ya bei imebandikwa juu yake pale pale, nikaibandua kwa kucha, mwaka ni wa kabla ya 2023, yaani muhtasari mpya haujatoka.

Namuonyesha, ananijibu "vitabu ni vitabu dada, unanunua au hununui, wenzako wanasubiri". Hata samahani hamna!

Pembeni kuna mzee katoka Bahi, kashalipia seti hiyo hiyo ya mjukuu wake, akaniuliza "kwani mwanangu, hivi sivyo?" Nikamfungulia maktaba mtandao ya TET kwenye simu, ol.tie.go.tz, vitabu vya kiada viko pale bure, akaona majalada ya la nne yenyewe. Akaomba arudishiwe hela, wakamwambia kikishauzwa hakirudishwi. Mzee wa watu kakunja risiti, kaiweka mfukoni, katoka na mfuko wake.

Hapo nyota zote nikafuta. Kuishiwa mzigo sawa, kipindi hiki kila duka linaishiwa, ila andika "la nne tuna Hisabati tu" na bei yake, mtu aamue mwenyewe kama apande bajaji. Niliwaandikia hivyo hivyo chini ya posti yao. Komenti wameifuta, posti bado ipo.