Lita moja ya maziwa: freshi, ya muda mrefu au ya unga?

Bei iliyoandikwa rafuni haitoshi kulinganisha. Igawe kwa ujazo kwanza, maana siku hizi pakiti za maziwa nyingine zina mililita 450 au 400, na kwa macho zinafanana na za nusu lita.

Tuseme dukani Nairobi freshi ya mililita 500 ni shilingi 60: lita ni 120. Ya muda mrefu ya mililita 450 ni 65: gawa kwa 450, zidisha kwa 1,000, unapata kama 144.

Unga ndio unaowachanganya wengi. Lita moja ya maziwa kamili huhitaji takriban gramu 130 za unga, kwa hiyo pakiti ya gramu 500 ya shilingi 600 hutoa chini kidogo ya lita nne. Lita inafika 156. Ukitia gramu 80 tu, hesabu itashuka hadi 96, lakini hapo umenunua maji. Chai itakuwa nyepesi, mtindi hautaganda vizuri. Soma pia viambato: ukiona mafuta ya mimea, hayo si maziwa kamili, hata yakiwa nafuu.

Kwa nyumba inayomaliza maziwa siku hiyohiyo, mimi nachagua freshi. Bila friji mambo hugeuka. Ukinunua lita ya freshi na robo yake ikaharibika, lita uliyokunywa kweli imekugharimu 160, kuzidi hata unga, ambao unachota kiasi cha kikombe kimoja na kufunga.